Fomula ya siku zilizobaki kabla ya bethdei, hata kama ya mwaka huu imeshapita (mwongozo kamili)

Watu wengi wanakwama palepale. Unaandika orodha ya bethdei za familia au za wanakikundi, unatoa tarehe ya leo kwenye tarehe ya bethdei, nusu ya majina yanakuja sawasawa na nusu nyingine yanakuja na namba hasi kama -138, au seli nzima inajaa ##### na hujui hata pa kuanzia. Halafu mtu anakuambia ongeza 365 tu itakaa sawa, unaongeza, kweli inakaa sawa, kumbe imekaa sawa kwa miaka mitatu kati ya minne.

Hapa tunaijenga kwa hatua, kwenye Excel au Google Sheets, fomula ni zilezile. Penye tofauti nitasema.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Excel yoyote hata ya zamani, au Google Sheets. Kwa simu inawezekana ila kuandika mabano mengi kwenye simu ni mateso, tumia kompyuta kama ipo.

Orodha yenye majina na tarehe za kuzaliwa. Mwaka wa kuzaliwa ukiwepo ni vizuri zaidi, ila kama mtu hataki kusema mwaka wake (na wapo wengi tu), fomula bado itafanya kazi, nitaeleza mbele.

Shiti ipange hivi ili ufuate bila kuchanganyikiwa: safu ya A ni jina, B ni tarehe ya kuzaliwa, C ni bethdei ya mwaka huu, D ni bethdei ijayo, E ni siku zilizobaki. Mstari wa 1 ni vichwa, majina yaanze mstari wa 2. Seli ya H1 iache kwa ajili ya tarehe ya leo.

Kwa mazoezi weka watu hawa watano:

```
A          B
Shangazi   05/05/1971
Mjomba     20/09/1965
Dada       19/09/1994
Mama       24/12/1960
Binamu     29/02/2004
```

Sijawachagua ovyo. Kila mmoja hapo anapima kitu chake na majibu yao yako chini, kwa hiyo usiwabadilishe mpaka umalize.

## Hatua ya 1: Weka "leo" ya kujaribia kwenye H1

Kwenye H1 usiandike fomula bado. Andika tarehe hii:

```
20/09/2027
```

Yaani tunajifanya leo ni tarehe 20 Septemba 2027. Sababu ni mbili. Ya kwanza, ukitumia tarehe ya leo halisi majibu yako hayatafanana na yangu na hutajua kama umepatia. Ya pili, kati ya Septemba 2027 na Septemba 2028 kuna tarehe 29 Februari, na hapo ndipo fomula mbovu zinapoumbuka.

Tukimaliza kila kitu ndo tutaweka `=TODAY()`.

Umefanikiwa kama: tarehe imekaa upande wa kulia wa seli. Ikikaa kushoto, nenda hatua ya 2 haraka.

## Hatua ya 2: Hakikisha tarehe zako ni tarehe kweli

Hatua hii watu wanairuka kisha wanailaumu fomula, na ndo maana nimeipa nafasi kubwa.

Kwa kompyuta, tarehe ni namba tu inayohesabu siku tangu mwanzo wa 1900, halafu inavalishwa sura ya siku/mwezi/mwaka. Tarehe 5 Mei 2027 kwa mfano ni namba 46512. Ndo maana tunaweza kutoa tarehe moja kwenye nyingine na kupata siku. Lakini kama seli imebeba maandishi yanayofanana tu na tarehe, hakuna namba ndani yake na hakuna cha kutoa.

Kwa kujua, andika hii pembeni kwenye F2 na uivute mpaka mwisho wa orodha:

```
=ISNUMBER(B2)
```

Ikisema TRUE kila mstari, angalau zote ni tarehe. Ikisema FALSE mahali, hiyo ni maandishi.

Sasa sikia hili vizuri. Sisi tunaandika siku kwanza halafu mwezi, lakini kompyuta nyingi na akaunti nyingi za Google zimekuja zimewekwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza halafu siku. Ukiandika 24/12/1960 kwenye shiti ya mtindo huo, inatafuta mwezi wa 24, haupo, basi inaiacha kama maandishi na FALSE inakushtua. Hiyo ni afadhali. Mbaya ni ukiandika 05/03/1990 ukimaanisha tano Machi, yenyewe inaisoma tarehe 3 Mei, inaikubali kimyakimya, TRUE inatokea, fomula inafanya kazi vizuri kabisa, na mtu wako anapewa keki miezi miwili baadaye.

Kwa hiyo ukiona kwenye safu moja kuna TRUE na FALSE zimechanganyika, usirekebishe zile FALSE peke yake ukadhani umemaliza. Zile TRUE ndo za kutilia shaka zaidi, maana inawezekana zimekubaliwa kwa kugeuzwa.

Tiba ni kubadili mpangilio kwanza, halafu kuingiza tarehe upya:

Kwenye Google Sheets nenda `File > Settings > Locale`, chagua nchi inayoandika siku kwanza, kama United Kingdom, kisha save. Kwenye Excel ya Windows mpangilio huu unafuata kompyuta yenyewe, yaani Region kwenye settings za Windows.

Angalia: kubadili Locale hakurudishi tarehe zilizokwisha kugeuzwa. Ile 3 Mei itabaki 3 Mei, itabadilika sura tu. Lazima uandike au upesti upya kutoka kwenye orodha ya mwanzo. Kama una orodha ndefu ya Excel ambayo yote imebaki maandishi, chagua safu yote, nenda `Data > Text to Columns`, bonyeza Next mara mbili, kwenye ukurasa wa tatu chagua Date kisha DMY, Finish.

Baada ya hapo ifanye safu ya B ionyeshe jina la mwezi badala ya namba. Excel: bonyeza Ctrl+1, Custom, andika `dd-mmm-yyyy`. Google Sheets: `Format > Number > Custom date and time`, uchague sura yenye jina la mwezi. Sasa soma mstari kwa mstari. Kosa lililojificha kwenye 05/03 linaonekana wazi likiwa limeandikwa 03-May.

Kwa wale wasiotaja mwaka: weka 2000 kwa wote. Usiandike siku na mwezi peke yake, kwa sababu mashine itakubandikia mwaka uliopo, na mwaka uliopo ukiwa hauna 29 Februari, aliyezaliwa siku hiyo tarehe yake itaharibika. Mwaka 2000 ulikuwa na 29 Februari, kwa hiyo hakuna atakayeachwa.

Umefanikiwa kama: F yote ni TRUE na miezi uliyoisoma kwa macho ni sahihi. Futa yaliyoandikwa kwenye F, ila safu yenyewe iache, maana ukiiondoa H1 itahama.

## Hatua ya 3: Tafuta bethdei ya mwaka huu

Hatuwezi kutoa leo kwenye 05/05/1971, itakupa namba hasi ya zaidi ya siku elfu ishirini. Tunachotaka ni siku na mwezi wa shangazi, lakini kwenye mwaka wa H1. Kwenye C2:

```
=DATE(YEAR($H$1),MONTH(B2),DAY(B2))
```

DATE inajenga tarehe kutoka vipande vitatu: mwaka, mwezi, siku. Mwaka tumeuchukua kwa leo, mwezi na siku tumevichukua kwa shangazi. Ivute chini mpaka C6.

Zile alama za dola msizione urembo. Zinaifunga H1 isihame unapovuta. Ukisahau, mstari wa 3 utatafuta leo kwenye H2, wa 4 kwenye H3, na huko hakuna kitu. Kwenye Excel hii ni hatari kwa namna ya kipekee, kwa sababu seli tupu inahesabiwa kama sifuri, mwaka unakuwa 1900, na mwishoni aliyezaliwa 5 Mei anapewa siku 126. Namba hiyo haina hasi, haina #####, inaonekana ya kawaida kabisa, kumbe ni idadi ya siku tangu mwaka 1900 uanze. Google Sheets yenyewe itakupa namba kubwa ya ajabu, angalau unashtuka.

Kama shiti yako inakataa fomula na kusema ina kosa ilhali umekopi vilevile, angalia alama ya kutenganisha. Mpangilio wa Kifaransa, ambao wengi walioko Kongo na Burundi wanautumia, unataka nukta mkato `;` mahali pa mkato `,`. Na Excel ya Kifaransa ina majina yake ya fomula, YEAR ni ANNEE, MONTH ni MOIS, DAY ni JOUR, IF ni SI.

Umefanikiwa kama: C2 inasema 05/05/2027, C3 20/09/2027, C4 19/09/2027, C5 24/12/2027. C6 ya binamu inasema 01/03/2027, na hapo usiguse kitu, tutarudi. Ukiona 46512 badala ya tarehe, seli haijavaa fomati ya Date, ivalishe tu.

## Hatua ya 4: Uliza kama imepita au bado

Hapa ndo kwenye kiini. Bethdei ya mwaka huu ama imeshapita, ama bado, ama ni leo. Kama imepita, inayofuata ni ya mwaka kesho. Kama bado au ni leo, inayofuata ni hiyohiyo. Kwenye D2:

```
=IF(C2<$H$1,DATE(YEAR($H$1)+1,MONTH(B2),DAY(B2)),C2)
```

Isome kwa Kiswahili: kama C2 iko nyuma ya leo, jenga tarehe mpya kwenye mwaka wa leo ukiongeza mmoja, la sivyo baki na C2. Vuta chini.

Mambo mawili yanaharibu hatua hii.

La kwanza ni alama. Ni `<` peke yake, siyo `<=`. Ukiweka `<=`, mjomba ambaye bethdei yake ni leo hasa atarushwa mpaka mwaka kesho, na badala ya kuona 0 utaona 366. Yaani siku pekee uliyoihitaji hiyo shiti ndiyo siku inayokudanganya.

La pili ni lile la kuongeza 365. Mtu anafanya `C2-$H$1`, anaona -138 kwa shangazi, anaongeza 365 anapata 227. Inaonekana poa. Sasa hesabu kwa mkono: kutoka 20 Septemba 2027, zimebaki siku 10 za Septemba, 31 za Oktoba, 30 za Novemba, 31 za Desemba, 31 za Januari, 29 za Februari kwa sababu ni 2028, 31 za Machi, 30 za Aprili, halafu 5 za Mei. Jumla 228. Ile 227 imeikosa tarehe 29 Februari. Kwa sababu hiyohiyo fomula za `MOD` zinazogawa kwa 365 ambazo zinazunguka mitandaoni zina ugonjwa uleule. Ukiongeza mwaka ndani ya DATE, kalenda yenyewe inajua mwaka upi una siku ngapi, wewe huhesabu chochote.

Umefanikiwa kama: D2 ni 05/05/2028, D3 ni 20/09/2027, D4 ni 19/09/2028, D5 ni 24/12/2027.

## Hatua ya 5: Toa

E2:

```
=D2-$H$1
```

Vuta chini. Seli ikijifanya tarehe, ukaona kitu kama 15/08/1900, siyo kosa la hesabu, ni fomati tu. Badilisha iwe Number au General na namba itatoka.

Umefanikiwa kama majibu ni haya:

```
Shangazi   228
Mjomba     0
Dada       365
Mama       95
Binamu     162
```

Dada ndiye wa kumwangalia kwa makini. Bethdei yake ilikuwa jana, kwa hiyo ndiye mwenye namba kubwa kuliko wote, na fomula ya "ongeza 365" ingempa 364. Ukipata 365 kwa dada na 0 kwa mjomba, kazi yako iko salama pande zote mbili za leo.

## Hatua ya 6: Aliyezaliwa 29 Februari

Turudi kwa binamu. Tulimwona kwenye C6 akiwa 01/03/2027 kwa sababu 2027 haina tarehe 29 Februari, na DATE ukiipa siku isiyokuwepo hailalamiki, inasogea mbele mpaka siku inayofuata. Kwa hiyo fomula yetu inasema kwenye miaka mifupi binamu anasherehekea tarehe 1 Machi.

Hili siyo kosa, ni uamuzi, ila ni uamuzi uliofanyiwa na mashine bila wewe kuulizwa. Muulize mwenyewe. Akisema tarehe 1 Machi, usibadilishe kitu. Akisema anasherehekea mwisho wa Februari, yaani tarehe 28, tumia EDATE ambayo ikikosa siku inarudi nyuma mpaka mwisho wa mwezi uleule. C2:

```
=EDATE(B2,12*(YEAR($H$1)-YEAR(B2)))
```

na D2:

```
=IF(C2<$H$1,EDATE(B2,12*(YEAR($H$1)+1-YEAR(B2))),C2)
```

Wengine wote majibu yao hayabadiliki, kwa hiyo unaweza kuiweka kwenye safu nzima. Inahesabu miezi kutoka siku ya kuzaliwa, miaka mara 12.

Angalia: usifupishe D2 kwa kuandika `EDATE(C2,12)`. Inaonekana ni kitu kilekile lakini C6 tayari imeshakatwa kuwa 28/02/2027, na mwaka mmoja kutoka hapo ni 28/02/2028, wakati 2028 ina tarehe 29 ya kweli ambayo binamu ameisubiri miaka minne. Lazima uanzie B2 kila mara.

Jaribu: weka H1 iwe 28/02/2027, binamu awe 0. Weka 01/03/2027, awe 365. Weka 28/02/2028, awe 1. Zikitoka hivyo zote tatu, rudisha 20/09/2027.

Kuna fomula fupi inayopendwa sana ya DATEDIF:

```
=EDATE(B2,12*(DATEDIF(B2,$H$1-1,"Y")+1))-$H$1
```

Kwa watu wa kawaida inatoa jibu sahihi, hata siku ya bethdei yenyewe. Lakini mpe binamu na uweke H1 tarehe 01/03/2027, itakupa -1. Sababu ni kwamba fomula hizi mbili hazikubaliani: EDATE inaona mwaka wake umetimia tarehe 28 Februari, DATEDIF inaona bado mpaka 1 Machi, na ile siku moja ya kutoelewana kwao inakuangukia wewe. Kama orodha yako haina mtu wa 29 Februari itumie tu, ila orodha huwa zinakua.

## Hatua ya 7: Ukitaka yote kwenye seli moja

Safu za C na D ni nzuri kwa sababu unaona kila kitu kinatokea wapi, mimi huwa naziacha na kuzificha tu. Lakini ukitaka seli moja, hii inatosha:

```
=DATE(YEAR($H$1)+(DATE(YEAR($H$1),MONTH(B2),DAY(B2))<$H$1),MONTH(B2),DAY(B2))-$H$1
```

Ile sehemu ya katikati yenye `<` ni swali la hatua ya 4. Jibu lake ni TRUE au FALSE, na ukiijumlisha na namba, TRUE inahesabiwa 1 na FALSE inahesabiwa 0. Yaani imepita, mwaka unaongezeka mmoja, haijapita, unaongezeka sifuri, hakuna haja ya IF. Hesabu mabano vizuri, likipotea moja karibu na `<` swali linahama na majibu yanavurugika.

Hii inafuata kanuni ya 1 Machi, siyo ya 28 Februari.

## Hatua ya 8: Mistari mitupu

Ukivuta fomula mpaka mstari wa 100 na majina yako ni 40, ile mistari 59 mitupu haitakaa kimya. B tupu inasomwa kama sifuri na itakutolea siku za mtu asiyekuwepo, na ukipanga orodha kwa siku zilizobaki mzuka huyo anaingia katikati ya ndugu zako. Ifunge fomula ya E ndani ya swali:

```
=IF(ISNUMBER(B2),D2-$H$1,"")
```

Kama tarehe haijaandikwa au ni maandishi, E inabaki tupu. Na hapo umepata faida nyingine, ukiona jina lipo lakini E ni tupu ujue tarehe ya huyo mtu ina ule ugonjwa wa hatua ya 2.

## Hatua ya 9: Sasa weka leo ya kweli

Rudi H1, futa 20/09/2027, andika:

```
=TODAY()
```

Usiandike `=NOW()`. NOW inabeba na saa ndani yake, kwa hiyo saa nne asubuhi ya siku ya bethdei, tarehe ya bethdei (ambayo ni saa sita usiku) inaonekana iko nyuma ya "sasa", fomula inasema imepita na inamrusha mtu mwaka kesho. Utajua ni NOW ukiona siku zina desimali, kama 94.58.

Kwenye Google Sheets kuna kitu kingine cha kukagua, saa za eneo. `File > Settings > Time zone`. Shiti nyingi ukizikuta ziko kwenye saa za Marekani. Ikiwa kwenye saa za Los Angeles, tarehe kwenye shiti yako itabadilika saa nne au saa tano asubuhi ya Afrika Mashariki kutegemea msimu wao, na asubuhi yote mpaka hapo shiti inadhani ni jana. Chagua ya Afrika Mashariki kama Nairobi, GMT+03:00. Excel haina hili, inafuata saa ya kompyuta yako, basi hakikisha tu tarehe ya kompyuta ni sahihi.

Umefanikiwa kama: H1 inaonyesha tarehe ya leo bila saa, na namba zote za E ziko kati ya 0 na 365. Ukiona hasi popote, ama dola zimeanguka ama D ina tarehe uliyoandika kwa mkono badala ya fomula.

## Nyongeza mbili zinazotumika kweli

Anatimiza miaka mingapi? Ukiwa na mwaka wa kuzaliwa wa kweli, siyo ile 2000 ya kubandika:

```
=YEAR(D2)-YEAR(B2)
```

Hii ni umri atakaotimiza siku hiyo, siyo alionao leo. Na kwa wazee andika mwaka kamili, maana Excel ukiandika 28 tu inaelewa 2028 badala ya 1928. Siku zilizobaki zitakuwa sahihi lakini bibi atatokea na umri wa 0 au wa hasi.

Rangi kwa waliobakiza wiki moja: chagua kuanzia A2 mpaka E ya mwisho, kwenye Excel `Home > Conditional Formatting > New Rule > Use a formula to determine which cells to format`, kwenye Sheets `Format > Conditional formatting > Custom formula is`, kisha:

```
=AND(ISNUMBER($E2),$E2<=7)
```

Dola iko mbele ya E peke yake ili mstari mzima upakwe rangi kwa kuangalia safu hiyo moja, huku namba ya mstari ikiendelea kusogea. ISNUMBER imewekwa kwa ajili ya mistari isiyo na kitu kwenye E, maana Excel inahesabu seli tupu kabisa kama 0, na 0 ni ndogo kuliko 7, hivyo bila hiyo mistari isiyo na jina ingewaka rangi yote. Jaribu kwa kurudisha 20/09/2027 kwenye H1 kwa dakika moja: awake mjomba peke yake.